Karanga zinazokataliwa na mnunuzi ndizo ninazomsagia mtoto uji

*Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa Nachingwea, nina mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu. Kliniki wamenionyesha kwenye kadi kwamba uzito wake si mbaya ila kimo hakiendi na umri. Muuguzi akauliza namlisha nini. Nikamwambia uji wa lishe: mahindi kilo tatu, karanga kilo moja, napeleka mashineni. Akauliza karanga za namna gani. Mama, sisi tukishabangua tunachagua. Nzuri zinakwenda kwa mnunuzi, na zile zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye madoa tunabaki nazo. Ndizo za uji na za kuungia kisamvu. Akaniambia niache, zina sumukuvu.*

*Nimerudi nyumbani na mawazo, maana mwaka juzi tulimzika baba mkwe. Tumbo lilijaa maji, macho ya njano, hospitali wakasema saratani ya ini. Je, ni hizi karanga? Mume wangu anasema bibi zetu walikula hizo hizo wakazeeka. Mama mkwe ndiyo hataki hata kusikia, anaona namwambia alimlisha mumewe sumu. Nikizikaanga sana sumu haifi? Debe lililobaki nilipeleke wapi, niwape kuku? Bado namnyonyesha, nimwachishe?*

*Mama Zuhura, Nachingwea*

Marahaba mwanangu. Kunyonyesha endelea, usiache hata siku moja kwa sababu ya jambo hili. Na hilo debe lisiguswe tena kwa chakula, cha mtoto wala cha watu wazima. Hayo mawili hayasubiri maelezo. Mengine tuyachukue polepole.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu fulani wenye rangi ya kijani inayoelekea umanjano, unaoishi kwenye udongo wa mashamba yetu. Ukungu huo hauenei sawasawa kwenye gunia. Unaingia punje chache, na hizo chache zinajaa sumu kupita kiasi huku jirani zake zikiwa salama kabisa. Punje zinazoingiliwa ni zile zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa kwa ukame, zilizoota au kubadilika rangi. Sasa angalia mnachofanya mkichagua kwa ajili ya mnunuzi. Mnaitoa sumu kwenye gunia lake kwa mikono yenu wenyewe, mnaikusanya kwenye debe moja, kisha debe hilo linakuwa la mtoto. Kazi ya kuchagua mnaifanya vizuri sana. Kilichokosewa ni mnakozipeleka zile mbovu mlizozitoa.

Nikupigie hesabu kwa unga wako mwenyewe. Karanga kilo moja ni punje kama 2,000, kila moja nusu gramu hivi. Punje moja iliyoshambuliwa vibaya inaweza kubeba mikrogramu 20 za sumukuvu, na zimewahi kupimwa zenye nyingi zaidi ya hapo. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, hakuna jicho linaloiona. Tuseme katika ile kilo yako zimo punje tano tu za namna hiyo. Ukisaga na mahindi kilo tatu, mikrogramu 100 zinasambaa kwenye kilo nne za unga, yaani 25 kwa kila kilo. Kiwango cha mwisho kinachokubaliwa Afrika Mashariki ni 10 kwa kilo, na kwa ile aina kali zaidi, inayoitwa B1, ni 5. Punje tano katika elfu mbili zimekuvusha mara mbili na nusu. Na hapo nimehesabu mahindi kama hayana chochote, na nimechukua tano tu kutoka kwenye debe ambalo ndani yake punje mbovu ndizo nyingi.

Kabla ya kusaga, zile tano ungeweza kuziokota kwa vidole. Baada ya mashine hakuna wa kuzitoa. Kwa hiyo karanga za kusaga zinataka kuchaguliwa kwa ukali kuliko za kutafuna. Anayetafuna akikutana na punje chungu hutema, lakini mtoto wa uji hana namna ya kutema.

Kuhusu kukaanga, hapana. Moto wa jikoni unaua ukungu wenyewe, ila sumu iliyokwisha kutengenezwa inastahimili joto kubwa kuliko la sufuria inayochemka. Kukaanga kunaipunguza kidogo, hakuimalizi. Kibaya zaidi, karanga iliyokaangwa inakuwa kahawia, madoa yote yanajificha, na uchungu unafunikwa na chumvi. Chagua zikiwa mbichi, mchana, nje kwenye mwanga, juu ya ungo.

Kuku usiwape. Sumukuvu inaumiza ini la kuku kama la mtu, bata ndiyo kabisa, na utaona tu wanadumaa na kutaga vibaya bila kujua sababu. Mbuzi au ng'ombe wa maziwa ukimpa, sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa. Kukamua mafuta nyumbani nako siyo njia: mashudu yanabaki na sehemu kubwa ya sumu, na mafuta yasiyosafishwa kiwandani yanabeba kiasi. Chimba shimo mbali na kisima, mwaga, fukia. Najua debe la karanga ni fedha na ni jasho lako. Bado nasema fukia.

Kama utabaki na zilizosinyaa kidogo tu, zisizo na doa wala ukungu, usijidanganye kwamba macho yanatosha. Punje yenye ukungu unaoonekana ni ya kutupwa bila mjadala, lakini isiyo na ukungu siyo hati ya usalama, kwa sababu ukungu unaweza kukauka na kupukutika, sumu ikabaki ndani. Uhakika unatoka maabara peke yake. Kuchagua kunapunguza sumu sana, na kwenye karanga ndiyo silaha kubwa tuliyo nayo nyumbani, ila haifikishi sifuri.

Sasa baba mkwe, Mungu amrehemu. Hakuna mtu anayeweza kukuambia kwamba karanga ndizo zilizomuua, na ukisikia anayesema hivyo kwa uhakika, usimwamini. Nikueleze tunachojua. Sumukuvu ikifika kwenye ini, ini linajaribu kuivunja ili itoke, na katika kuivunja linazalisha kitu kinachong'ang'ania vinasaba vya seli na kuviharibu. Hilo likijirudia miaka ishirini, thelathini, seli mojawapo inaweza kugeuka saratani. Ndiyo maana shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka sumukuvu katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu.

Lakini sumukuvu ina mwenzake, naye ndiye ninayetaka mumjue katika ukoo wenu: virusi vya homa ya ini B. Watafiti waliwafuatilia wanaume wa mji wa Shanghai, China. Waliokuwa na dalili za sumukuvu mwilini peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini kama mara 3 ya wale wasio na chochote. Wenye virusi vya B peke yake, kama mara 7. Waliokuwa na vyote viwili, karibu mara 60. Hazikujumlishwa tu, hata ukizidisha 3 kwa 7 hufiki hapo. Pombe kali ya miaka mingi nayo inaumiza ini kwa njia yake, na tumbo kujaa maji na macho ya njano huja hata kwa ini lililosinyaa bila saratani. Kwa hiyo swali la "ni hizi karanga?" halina jibu kwa mzee mmoja aliyekwisha kuzikwa.

Lina maana kubwa kwa walio hai. Virusi vya B huambukizwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, kwa damu, kwa kujamiiana, na mara nyingi kati ya watoto wadogo wanaoishi nyumba moja. Aliyeambukizwa akiwa mchanga mara nyingi anabaki navyo maisha yote, mzima, analima, hajui. Kama mzee alikuwa navyo, mumeo na ndugu zake wanaweza kuwa navyo. Nenda na mumeo hospitali ya wilaya, mwambieni daktari kwamba baba alifariki kwa saratani ya ini, mnaomba kupimwa homa ya ini B. Ni kipimo cha damu. Asiye na virusi wala kinga anachanjwa sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza. Mwenye virusi anafuatiliwa, na dawa za kuvituliza zipo kwa anayezihitaji. Nchini kwetu watoto walianza kuchanjwa chanjo hii kwa utaratibu mwaka 2002, maana yake wewe na mumeo kwa umri wenu huenda hamkuipata. Kwa binti yako, inapaswa kuwemo ndani ya ile chanjo ya pamoja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Fungua kadi yake uangalie kama zote tatu zimeandikwa.

Hapo ndipo unapopata pia jibu la mumeo kuhusu bibi zetu. Wapo waliokula hizo wakazeeka, kweli. Wapo pia waliokufa na tumbo lililojaa, na kijijini tukasema amerogwa au ana bandama, hakuna aliyehesabu. Sumu inayofanya kazi yake miaka thelathini haimwonyeshi mtu kosa lake jana yake. Ikija kwa wingi kwa mara moja ndipo inaonekana: mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara waliugua watu 68 kwa mahindi yenye sumukuvu, wakafa 20. Kwa hiyo mtoto au mtu mzima akianza kutapika, tumbo likauma na kujaa, macho yakawa ya njano, msikae na dawa za mizizi. Hospitali siku hiyo hiyo, na mchukue kiasi cha unga au nafaka mliyokuwa mnakula.

Sasa kimo cha binti. Hapa nitakuwa makini na maneno, kwa sababu wapo wanaowaambia akina mama kwamba mtoto mfupi ni sumukuvu basi. Utafiti wa Benin na Togo ulikuta watoto wenye sumukuvu nyingi kwenye damu walikuwa wafupi kuliko wenzao, na kadiri sumu ilivyozidi ndivyo kimo kilivyopungua. Inaaminika sumu inadhoofisha utumbo na kuvuruga homoni ya ukuaji inayotoka kwenye ini. Lakini watafiti walipojaribu Kenya, wakazibadilishia familia mahindi yenye sumu kwa mahindi salama, mwishoni hawakuona tofauti ya wazi ya urefu. Ninavyosoma mimi, sumukuvu ni mzigo mmoja juu ya mizigo mingine: kuhara kusikokwisha, malaria, minyoo, na uji mtupu usio na chakula cha asili ya wanyama. Ukiufukia ule mzigo wa debe umefanya jambo la lazima, ila usikae ukingoja arefuke kwa hilo peke yake.

Kwa hiyo tubadilishe uji. Wazo kwamba uji wa lishe lazima uwe na mahindi na karanga kila siku tumelizoea, lakini ndiyo mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu, na tunampa mtoto yote mawili kwenye kikombe kimoja, mara tatu kwa siku. Mtu mzima anakula na muhogo, samaki, mboga. Mtoto anakula hayo mawili tu, na kwa kila kilo ya mwili wake anakula mengi kukuzidi. Fanya ulezi au mtama uwe ndio msingi wa unga wake, mahindi yawe kidogo. Usinunue unga wa lishe wa nafaka saba usiojua zilichaguliwa na nani, maana anayechanganya saba ana milango saba ya kupitisha punje mbovu. Badala ya karanga za kila siku, mpe mbaazi au kunde zilizopikwa zikalainika na kupondwa. Lindi na Mtwara mbaazi hatuzikosi. Dagaa waliosafishwa na kusagwa, kijiko kwenye uji au mboga, na yai pale kuku anapotaga. Karanga nzima, nzuri, ulizochagua mwenyewe zikiwa mbichi, msagie mara moja moja, kiasi cha siku mbili tatu, usisage za mwezi mzima. Maziwa yako yanaweza kupitisha sumukuvu iwapo wewe unaila, ila kiasi chake ni kidogo mno ukilinganisha na alichokuwa anapata kwenye kikombe. Njia ya kusafisha maziwa ni wewe pia kuacha zile za kisamvu. Kliniki waombe wampime urefu kila mnapokwenda, siyo uzito tu.

Limebaki swali ambalo hukuuliza: kwa nini debe linajaa hivyo? Ungeniambia mnabangua vipi. Huku kwetu wengi humwagia maji karanga za maganda jioni ili asubuhi maganda yalainike, vidole visiumie. Kama nanyi mnafanya hivyo, hapo ndipo mnapoulisha ukungu. Karanga iliyokauka vizuri, ikiloweshwa na kurudishwa kwenye gunia, inarudi kuwa shamba. Bangueni kavu, na kama kuna mashine ya kubangulia ya kikundi, gharama yake ni ndogo kuliko hasara. Usibangue zote kwa mpigo pia. Ganda ni ngao, acha za chakula kwenye maganda, bangua za wiki.

Kukausha kunaanza shambani. Mkishang'oa, pindueni mashina maganda yaangalie juu, jua liyapate, siyo kuyalundika. Kisha yamalizieni kwenye turubai au mkeka, kamwe si kwenye udongo, na jioni myafunike. Utajua yamekauka ukitikisa ganda karibu na sikio: punje inagonga ndani. Ibangue, isugue kati ya vidole, ngozi nyekundu inatoka yenyewe. Iume, inakatika kwa mlio, haipondeki. Punje iliyobanguliwa inatakiwa isizidi unyevu wa asilimia 7. Msimu mvua ikikatika mapema karanga zikiwa bado chini, ardhi ikapasuka, ukungu huingia humo humo kabla hamjang'oa. Hivyo msizichelewe zikishakomaa. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele pale Mtwara wana mbegu zinazokomaa mapema, waulizeni kupitia bwana shamba wenu kabla ya msimu ujao.

Mahindi yapimeni kwa chumvi kabla ya kuyafunga. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa yenye kifuniko, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani au kwenye kikaango. Funga, tikisa kwa dakika chache, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, yako chini ya hapo, lakini kwa kuhifadhi tunataka yasizidi 13.5, kwa hiyo ongezeni siku moja au mbili za jua kali. Kipimo hiki kinasema unyevu, hakisemi sumu. Baada ya hapo, gunia juu ya chaga, mbali na ukuta, au ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Mfuko huo ukitia mahindi mabichi mabichi utakuwa umeufungia ukungu chumba chake, kwa hiyo kavu kwanza. Unga wa mtoto, kama utatia mahindi, yachague halafu yakoboe, kwani sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. Na pumba hizo kuku nao wasipewe kama mahindi yalikuwa na ukungu.

Na mama mkwe. Usizungumze naye habari za marehemu kabisa. Hakumlisha mumewe sumu kwa kujua. Alifanya kama kila mama wa Nachingwea alivyofanya, akauza nzuri ili watoto wapate ada na sare, nyumbani wakala zilizobaki. Mkae naye juani na ungo, umwombe akusaidie kuchagua za mjukuu, kwa sababu mikono yake inajua karanga kuliko yako. Akikuuliza mbona unatupa hizi, mjibu kwamba mnunuzi anazikataa kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu, na katika nyumba hii mmeamua mtoto apate zile za mnunuzi. Habari ya kupima homa ya ini B iache aje nayo mwanawe mwenyewe, akisharudi na majibu yake, na yeye mama apimwe siku hiyo hiyo atakayokubali.